Kushuka kwenye chemba ya majitaka: mambo ya kumaliza kabla mguu haujagusa ngazi

Chukua chemba ya pampu ya majitaka yenye kina cha mita 5, upana wa mita 2 kwa 2, mdomo mmoja juu na tope chini. Pampu imeziba, mtu inabidi ashuke kuitoa. Mafunzo mengi huanza na mtu anayeshuka. Mimi nawashauri mnaoanza muanze na swali jingine: akizimia pale chini, aliyebaki juu atamtoaje bila kuondoa miguu yake pale aliposimama? Kama jibu halipo, hakuna anayeshuka.

Swali hili lina sababu. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika nafasi finyu walikuwa wale walioingia kuokoa. Mambo huenda hivi: wa kwanza anaanguka, mwenzake anamwona kalala, anashuka mbio, naye anaanguka juu yake, kisha wa tatu anafuata. Hawa si watu wazembe. Ni kwamba mwili hauwapi onyo. Hamu ya kuvuta pumzi huletwa na kaboni dayoksaidi inayojaa kwenye damu, wala si na upungufu wa oksijeni. Mtu akiingia kwenye hewa isiyo na oksijeni ya kutosha anaendelea kupumua kama kawaida, hahisi kukabwa, na magoti yanamlegea akiwa bado anafikiri yuko salama.

Pua nayo haifai kutegemewa. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika kama 100 ppm, yaani sehemu 100 katika kila sehemu milioni za hewa, inaua uwezo wa kunusa ndani ya dakika chache. Harufu ikipotea ghafla, usidhani gesi imeondoka.

Basi tunapima. Washa kipima gesi kwenye hewa safi, mbali na mdomo wa chemba na mbali na moshi wa gari au jenereta, kwa sababu hapo ndipo kinajiwekea sifuri. Ukikiwashia penye gesi, kitaihesabu ile gesi kuwa hewa safi. Kisha kipe gesi ya majaribio kutoka kwenye mtungi wake mdogo, uone namba zinapanda na kengele inalia. Kuwaka kwa kioo pekee hakuthibitishi kwamba vihisio vinafanya kazi.

Soma oksijeni kwanza, halafu gesi zinazowaka, halafu zenye sumu. Kihisio cha kawaida cha gesi zinazowaka huichoma gesi kidogo ndani yake ili kuipima, na bila oksijeni ya kutosha hakuna kinachoungua. Kitakuonyesha sifuri hata kama chemba imejaa methani. Mipaka inayotumika sana ni hii: oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5 wala juu ya 23.5, gesi zinazowaka zisifike asilimia 10 ya LEL, yaani kiwango cha chini kabisa cha gesi hewani kinachoweza kushika moto, na haidrojeni salfaidi isifike 10 ppm. Kama taratibu za kazini kwenu ni kali zaidi ya hapo, fuata hizo.

Pima ukiwa nje, kwa mpira wa kunyonyea hewa. Penyeza kwanza chini ya mfuniko kabla ya kuufungua wote, kisha teremsha kila kama mita 1 hadi karibu na tope, bila kuuzamisha mpira, maana ukinyonya maji kipima kinaharibika. Methani ni nyepesi, hupanda juu. Haidrojeni salfaidi ni nzito, hukaa chini. Hapa wageni wengi hukosea kwa haraka: hewa ya chini inahitaji muda kupita kwenye mpira, angalau sekunde 3 kwa kila mita, na vihisio vinahitaji muda wao juu ya huo. Kaa dakika 2 kila kituo, namba zitulie, ndipo uandike.

Tuseme juu umepata oksijeni 20.9, LEL 0, haidrojeni salfaidi 0. Chini umepata oksijeni 20.1, LEL 2, haidrojeni salfaidi 6. Hakuna kengele iliyolia. Je, tushuke? Hapana. Oksijeni imepungua 0.8, na oksijeni yote ni kama moja ya tano tu ya hewa. Kama imesukumwa na gesi nyingine, basi gesi hiyo imechukua karibu asilimia 4 ya hewa yote, yaani 40,000 ppm. Kama imeliwa na bakteria wa kwenye tope, nafasi yake imeshikwa na kaboni dayoksaidi, na vipima vingi vya gesi nne haviioni kabisa. Kushuka kokote kwa oksijeni ni habari ya kutafutiwa maelezo, hata ikiwa juu ya 19.5.

Kwa hiyo weka feni. Chemba hii ina mita za ujazo 20. Feni ya mita za ujazo 10 kwa dakika itabadilisha hewa yote mara 10 kwa dakika 20. Bomba la feni lifike karibu na chini, na feni ivute hewa mahali pasipo na moshi. Usifungulie kamwe oksijeni ya mtungi humo ndani. Nguo na mafuta vitawaka kwa cheche ndogo. Pima tena kila kina. Mtu akishuka, feni iendelee na avae kipima kifuani, kwa kuwa tope likikorogwa linaachia gesi iliyonaswa, na 6 ya muda ule inaweza kuwa 60 kwa mikorogo michache. Kengele ikilia anatoka, hata kama imebaki boliti moja.

Anayeshuka avae mkanda wa mwili mzima wenye pete mgongoni, kamba ikiwa imefungwa hapo tangu mwanzo hadi kwenye winchi ya mkono, juu ya miguu mitatu ya chuma iliyosimama mdomoni. Winchi iwe ya kuinulia watu. Ijaribuni kwa mtu mzima kabla hajashuka, mita 1 hivi, muone inavuta.

Mwangalizi wa juu ana kazi moja. Haleti spana, haendi kupokea simu, na kichwa chake hakiingii mdomoni. Anajua nani yuko ndani, anazungumza naye kila baada ya muda mfupi na kusikiliza namna anavyojibu: sauti nzito, jibu lililochelewa au lisilohusiana na swali ni amri ya kumtoa. Asipojibu, mwangalizi anaita msaada kwa redio, anazungusha winchi na kuwazuia wote wanaotaka kurukia ndani. Haya yote anayafanya akiwa palepale.

Kamba ikikwama, au kazi iko ndani ya bomba lenye kona ambako kamba haivutiki, kikosi chenye mitungi ya hewa ya kupumulia kiwe kimesimama tayari kabla ya kazi kuanza. Barakoa ya chujio haitoshi, kwa sababu inachuja tu na haitengenezi oksijeni. Ubongo huanza kuharibika baada ya kama dakika 4 bila oksijeni, kwa hiyo kikosi cha kuitwa kutoka mbali kitakuta muda huo umeshapita.