Mara 5 au mara 15?

"Kwenye jedwali langu la kusafisha kimeng'enya, safu ya kubadilishana ioni imenipa usafi mara 5 na mavuno 67%. Msimamizi anasema nimekosea. Wapi?"

Ndugu, umegawanya kwa hatua iliyotangulia. Hesabu zote mbili hurudi kwenye dondoo ghafi, mstari wa kwanza.

Tuseme dondoo ina yuniti 5000 na protini mg 1000: utendaji mahususi ni 5 kwa mg. Baada ya salfeti ya amonia zimebaki yuniti 4500 na mg 300, yaani 15 kwa mg. Usafi ni 15 ÷ 5 = mara 3; mavuno 4500 ÷ 5000 = 90%. Safu ya ioni ikitoa yuniti 3000 na mg 40, utendaji mahususi ni 75. Gawa kwa 5, si kwa 15: mara 15. Mavuno ni 60%. Ile 67% yako ni 3000 ÷ 4500.

Yuniti ziwe za ujazo wote: yuniti kwa ml mara ml zilizopo hatua hiyo. Hapa wengi huteleza, maana ujazo hubadilika baada ya dialisisi.

Mavuno yakizidi 100%, kagua ujazo kwanza. Ujazo ukiwa sahihi, huenda hatua hiyo imeondoa kizuizi kilichokuwa kikikibana kimeng'enya kwenye dondoo.