Kupenya soko na kukuza soko: kwa nini yanabadilishana viti

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya masoko na mtihani wetu ni wa maswali ya kuchagua. Tunafundishwa kwa Kiingereza, mimi hujisomea kwa kutafsiri. Maketi penetresheni nimeiandika "kupenya soko", maketi divelopmenti nimeiandika "kukuza soko". Nimezikariri, lakini kwenye majaribio naweka moja mahali pa nyingine karibu kila mara. Tafsiri zangu zina kosa, au ninasoma vibaya?*

Marahaba. Ukizipima neno kwa neno, tafsiri zako ziko sawa. Lakini vitenzi ulivyochagua vina maana zake katika Kiswahili cha kila siku, na maana hizo ndizo zinazokuvuta kwenye herufi isiyo sahihi.

Angalia tunavyotumia kupenya. Mwizi hupenya dirishani, mwanga hupenya kwenye ufa, paka hupenya chini ya uzio. Anayepenya alikuwa nje, sasa yuko ndani. Ndiyo maana ukikutana na "kupenya soko" unaiona kampuni inaingia mahali ambapo haikuwamo. Kumbe dhana yenyewe inahusu kampuni ambayo tayari imo: inauza bidhaa ile ile, kwenye soko lile lile, ila inataka kuuza zaidi. Sasa tazama kukuza. Tunakuza sauti, tunakuza picha, yaani tunakifanya kilichopo kiwe kikubwa zaidi. Basi "kukuza soko" unaisikia kama kuuza zaidi pale pale ulipo, ilhali dhana hiyo ni kuipeleka bidhaa uliyonayo kwenye soko jipya. Kila neno limekalia kiti cha mwenzake, na ukizidi kukariri unazidi kuyakaza palipo na kosa.

Kwa daftari lako la kujisomea ningekushauri uandike *kukoleza soko* kwa ile ya kwanza na *kufungua soko jipya* kwa ile ya pili. Rangi ikikolea, kitambaa ni kile kile na rangi ni ile ile, ila imeingia zaidi kwenye nyuzi. Hiyo ndiyo picha unayoihitaji. Kwenye karatasi ya mtihani utaendelea kutumia istilahi za mwalimu wako, lakini kichwani ubaki na kukolea.

Kuna neno la tatu ambalo hukuliuliza, nalo linakuponza kimyakimya: *soko*. Sisi tukisema soko tunaona mahali, Kariakoo au gulio la Jumamosi. Katika somo lako soko ni kundi la wanunuzi wenye haja fulani. Kampuni inaweza kufungua soko jipya bila kuvuka hata barabara, na inaweza kuongeza duka la pili upande wa pili wa mji ikawa bado inalikoleza soko lake la zamani, kwa sababu wanunuzi ni wa aina ile ile.

Jedwali unalosomea, lile la mikakati minne ya kukua kwa kampuni, lilitokana na makala ya mtaalamu wa mikakati ya biashara Igor Ansoff ya mwaka 1957, na mfano mmoja aliotumia humo unalifafanua jambo hili vizuri. Ni wa kampuni ya kutengeneza ndege inayoirekebisha ndege yake ya abiria ili iuzwe kwa kazi ya kubeba mizigo. Ndege kimsingi ni ile ile, iliyobadilika ni haja ya mnunuzi, kwa hiyo yeye aliihesabu kuwa ni kufungua soko. Katika makala hiyo hiyo, kumpata mteja mgeni wa bidhaa ya zamani bila kuacha mkakati wa awali alikuweka kwenye kupenya. Hapa wengi huanguka: wanaona "wateja wapya" kwenye swali, wanakimbilia soko jipya. Mteja uliyemnyang'anya mshindani wako ni mgeni kwako, lakini soko ni lile lile.

Sasa njia ya kujisomea. Kadi yenye istilahi upande mmoja na maana upande wa pili haitakusaidia, kwa kuwa mtihani hauulizi maana, unakupa kisa. Andika kisa upande wa mbele wa kadi, istilahi isionekane kabisa. Chukua hiki:

*Kiwanda kidogo cha Tanga hutengeneza sabuni ya mche na kuiuzia familia kupitia maduka ya rejareja. Mwaka huu kimeanza kuuza sabuni hiyo hiyo kwa nyumba za wageni za hapo hapo Tanga, kwa katoni na kwa bei ya chini. Huu ni mkakati gani?*

Funika majibu kwa kiganja. Pembeni andika vitu viwili tu. Bidhaa: ile ile. Soko: jipya, kwa sababu nyumba ya wageni inanunua kwa haja tofauti na ya familia. Ukishaandika ndipo ufunue na kutafuta herufi inayolingana, nayo ni kukuza soko. Swali lilikuwekea vipotoshi viwili. "Hapo hapo Tanga" kinamnasa anayedhani soko ni mahali. "Bei ya chini" kinamnasa aliyekariri kwamba kupenya soko ni kupunguza bei. Kupunguza bei ni mojawapo ya njia za kukoleza soko, lakini hakuamui jibu. Katoni nayo haijaifanya sabuni kuwa bidhaa mpya.

Kisha kigeuze kisa hicho hicho, kitu kimoja kwa wakati. Kiwanda kikipunguza bei kwa familia zile zile ili zinunue zaidi, ni kupenya soko. Kikiziuzia familia hizo sabuni ya maji ambayo hakikuwa nayo, ni kuendeleza bidhaa. Kikitengeneza sabuni ya maji kwa ajili ya nyumba za wageni, vyote viwili ni vipya na jibu ni mseto. Kisa kimoja kimekupa kadi nne, na tofauti kati yao ni maneno machache, kama itakavyokuwa kwenye mtihani.

Fanya visa vitano vya namna hiyo, changanya kadi zote 20, uzirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Usizisome kwa mafungu, za kupenya peke yake na za kukuza peke yake, kwani ukijua fungu umeshajua jibu. Na ukiona unapata majibu yakiwa wazi lakini unakwama yakifunikwa, ujue unayatambua maneno, dhana bado hujaishika. Kadi uliyokosea iandike nyuma neno lililokuvuta, si jibu sahihi peke yake. Baada ya kukosea mara kumi utaona ni maneno mawili matatu yale yale.

Tahadhari moja ya mwisho, kwa kuwa nayo ni ya lugha. Kwenye mada ya bei utakutana na *bei ya kupenya*, yaani bidhaa mpya kuingizwa sokoni kwa bei ya chini ili ipate wanunuzi wengi haraka. Kinyume chake ni bei ya kuengua, kama unavyoengua malai juu ya maziwa: unaanza na bei ya juu kwa walio tayari kuilipa, kisha unaishusha. Hapo kitenzi kupenya kimerudi kwenye maana yake ya kila siku, ya aliyekuwa nje akaingia ndani. Kwa hiyo swali likitaja kupenya, soma kwanza kama linauliza juu ya bei au juu ya mkakati wa kukua, na kadi za bei uziandike kwa wino wa rangi nyingine.