Who au whom: kisikilize kitenzi cha Kiswahili

Kosa ninaloliona zaidi kwenye barua pepe za ofisini si mtu kuisahau whom. Ni kuiweka pasipo pake, akiamini inaipa sentensi heshima. Mimi lilinipata mwaka wangu wa pili katika kampuni ya uwakala wa forodha, Dar es Salaam, nilipomwandikia mteja wa Uingereza:

"The driver whom we believe will collect the container is already at the port."

Mama aliyekuwa mkuu wetu akaniita mezani kwake. "Hebu nisomee hii kwa Kiswahili, mwanangu."

Nikasoma: dereva ambaye tunaamini atachukua kontena.

"Nani anachukua?"

"Dereva, mama."

"Basi ni who."

Akaweka kidole juu ya "we believe". Maneno hayo yamepachikwa tu katikati. Ukiyafunika, anabaki dereva atakayechukua kontena, naye ndiye mtenda.

Tangu siku ile, nikisita nageukia Kiswahili. Mteja aliyetulipa ni "the client who paid us". Mteja tuliyemlipa ni "the client whom we paid", na ile -m- ndiyo inayokuambia kwamba yeye ni mtendwa. Ila tahadhari na kauli ya kutendwa: mteja aliyelipwa amepokea pesa, lakini kitenzi kinaanza na yeye, kwa hiyo ni "who was paid".

Mtego mwingine uko kwenye hati za mzigo. Wengi wakishaona "to" mbele wanakimbilia "whomever". Andika "Please release the cargo to whoever presents the original bill of lading", kwa sababu ni yeyote atakayewasilisha hati. Yeye ndiye anayewasilisha, hata kama "to" imetangulia.

Je, who tupu inakubalika pale kanuni inapodai whom? Mwanzoni mwa swali, ndiyo. "Who should I contact about the invoice?" ni Kiingereza cha kazi cha kila siku, na mimi huandika hivyo kwa wateja wote. "Whom should I contact" si kosa, ila inasikika kama barua ya wakili.

Mpaka wake ni kihusishi kikitangulia. "To who should we send the invoice?" itamkwaruza msomaji. Andika ama "To whom should we send it?", ama "to" iende mwisho: "Who should we send it to?" Vivyo hivyo "three consignees, two of whom have paid": hapo who haiingii kabisa. Kwenye mikataba na barua za benki mimi hufuata kanuni kamili, hata kwenye maswali.

Na mara nyingi, pale kanuni inapodai whom, huhitaji lolote kati ya hayo mawili. "The agent we spoke to yesterday" imekamilika. Njia hii inafaa tu pale maelezo yanapomtambulisha mtu bila mkato. Ukiweka mkato, kama "our agent, whom you met in March", neno lazima libaki.