Shikamoo Yako Inasubiriwa: Nilivyojifunza Kutengeneza POV ya Mfanyakazi Mgeni

Video yangu ya kwanza ya POV, yaani zile ambazo unaongea na mtazamaji kama nae yumo kwenye stori, nilimwonyesha mdogo wangu tukiwa tumekaa barazani Tabata, akaiangalia mpaka mwisho bila kucheka halafu akaniuliza, "dada, sasa huyo unayeongea nae yuko wapi?" Nikamwambia ni wewe. Akarudia kuiangalia. "Mimi? Mbona hata huniangalii."

Na kweli nilikua simwangalii. Nilikua naangalia sura yangu kwenye kioo cha simu, kama tunavyofanya wote ukiwasha kamera ya mbele, na simu ikiwa imesimama wima kamera iko juu kabisa wakati sura yako iko katikati, kwa hiyo macho yangu yalikua yanaangukia kidevuni kwa mtazamaji. Ukiwa unajirekodi huwezi kugundua, anagundua anayeangaliwa. Tangu siku ile natumia kamera ya nyuma ambapo sijioni kabisa, na pembeni ya lenzi nabandika kikaratasi nilichochora macho mawili. Watu wananicheka lakini kinasaidia, maana kuongea na kitobo cheusi kwa hisia sio kazi ndogo.

Tuelewane kwanza, maana siku hizi watu wanaandika POV kwenye kila kitu. Mtu anajirekodi anakimbilia daladala halafu anaandika "POV: nimechelewa kazini". Hiyo sio POV, hapo sisi tunakutazama wewe. POV ni pale jicho la kamera linapokua jicho la mtazamaji, yeye ndo amechelewa, na wewe ni konda unaemwambia panda twende, siti zipo, wakati zimejaa. Kwa hiyo hata maandishi ya juu ya video yanabadilika, huandiki "siku yangu ya kwanza kazini", unaandika "POV: ni siku yako ya kwanza dukani Kariakoo". Hilo neno "yako" ndo linampa mtu kazi. Liweke sehemu ya juu, usiliweke chini wala kulia maana huko ndo vinakaa vitufe na maelezo ya video, litafunikwa.

Mimi nimefanya nyingi za mfanyakazi mgeni na zimenikubali kuliko zile za mpenzi au mwanafunzi, na nadhani sababu ni kwamba mtazamaji nae hajui kitu. Ameingia kwenye video sekunde mbili zilizopita, hajui duka linauza nini, hajui bosi ni nani, hajui nani mbaya. Mfanyakazi mgeni yuko hivyo hivyo. Kwa hiyo ukimwelekeza "hapa ndo stoo, huyu mama wa chai usimkope" inakua kawaida kabisa, wakati ukimfanya mtazamaji awe mpenzi wako wa miaka mitatu inabidi umweleze mambo ambayo kiukweli alitakiwa ayajue, na inasikika ya kutunga.

Ngoja nichukue moja tuipitie. Duka la vitambaa Kariakoo, wewe ni mgeni, anakupokea Sele ambae yuko pale miaka mingi na anajifanya bosi. Sele anakuonyesha jinsi ya kukata kitambaa, mteja anataka mita tatu, Sele anaongea sana, anakata mbili na nusu. Bosi Mama anaingia anauliza nani kakata hiki. Sele anageuka, anakuangalia wewe. Basi. Sele na Mama wote ni mimi, kofia kwa Sele na ushungi na miwani kwa Mama, tumerekodi sebuleni kwetu na majora sita ya kuazima kwa fundi wa jirani.

Kitu kigumu kuliko vyote ni majibu ya mtu asieongea. Mtazamaji hana sauti, na usimpe. Nilijaribu mara moja rafiki yangu akajibu akiwa nyuma ya simu, ikaharibika palepale, maana ukishasikia sauti ya mtu mwingine unajua mgeni sio wewe, ni yule. Sasa majibu yanabaki kimya, lakini lazima yawepo. Kwenye skripti mimi nayaandika kabisa kwenye mabano:

Sele: Umekuja na nini?
(Mwendokasi.)
Sele: Na vifungo vyote vya shati viko? Basi leo ilikua tupu.
(Nilisimama njia nzima.)
Sele: Eeh, na hapa hukai vilevile. Zoea.

Wakati wa kurekodi nayasema yale ya kwenye mabano kichwani, neno kwa neno, ndo nijibu. Ukiyasema kichwani kile kimya kinapata urefu wake wa kweli, kama sekunde moja au moja na nusu, na uso wako unasikiliza wenyewe bila kuigiza. Usipoyasema utakimbia, unajikuta umeuliza na kujibu kwa pumzi moja.

Angalia pia Sele hajarudia jibu. Wengi wanafanya hivi: "Unasema umekuja na mwendokasi? Unasema ulisimama njia nzima?" Hapo unakua kama mtu anaongea na simu ya mtandao mbovu. Sentensi inayofuata ndo ibebe jibu, mtazamaji akiskia habari ya vifungo anajua mwenyewe alikuja na nini, na akishajua mwenyewe tayari yumo.

Sasa kuna kitu chetu sisi wabongo ambacho nilikigundua kwa bahati tu. Salamu. Kwenye ile klipu Bosi Mama akiingia nilikua nimemwandikia "habari za asubuhi". Siku ya kurekodi nikasahau mstari, nikabaki nimesimama naangalia lenzi kwa miwani ya Mama, kimya, kama sekunde mbili, halafu nikasema "...marahaba." Nilivyomwonyesha mdogo wangu, pale kwenye kile kimya niliona mdomo wake unacheza. Alitoa shikamoo kwa simu! Mtu mzima akisimama mbele yako anakuangalia bila kuongea, umelelewa ujue cha kufanya. Tangu hapo siachi, na mara nyingine Mama hasemi hata marahaba, anaendelea kusubiri tu huku anamwangalia Sele kama anamuuliza "huyu katokea wapi". Lakini kumbuka salamu inampa mtazamaji umri. Sele akikusalimia wewe shikamoo, tayari umekua mzee na stori imeharibika. Sele anasema "mambo".

Na jina je? Kiswahili kinatusaidia hapa, "umekuja" haisemi mwanaume wala mwanamke. Shida inaanza kwenye kuita. Ukisema "dada angu" nusu ya watu wametoka, ukisema "kaka" nusu nyingine. Mimi natumia "mgeni", au "mdogo wangu" kama Sele anajikuta, na Mama anasema "we mtoto".

Tuje kwenye simu ikae wapi. Ikae urefu wa macho ya mtu aliesimama, kwangu ni kama mita moja na nusu kutoka chini, mimi sio mrefu. Sina stendi ya maana, nilikua napanga stuli juu ya meza halafu debe la unga juu yake. Ukiiweka chini mgeni anakua mtoto anaeangalia watu juu. Hiyo inafaa kama umemketisha mgeni kwenye kiti na bosi amesimama, lakini iwe umekusudia. Umbali ni kama mita moja, ule wa watu wawili wanaoongea. Ukisogea karibu sana pua inakua kubwa, na mtu anahisi umemvamia, ingawa Sele nampa kusogea mara moja tu pale anaponong'ona "Mama akikuuliza, we sema hujui".

Panapovunjika zaidi ni ukiigiza watu wawili peke yako. Sele na Mama wakiongea na wewe wote wanaangalia lenzi. Wakiongea wao kwa wao lazima macho yatoke kwenye lenzi, na yatoke pande tofauti. Mimi Sele namsimamisha kushoto kwa fremu anaangalia kulia, Mama yuko kulia anaangalia kushoto. Mara ya kwanza wote wawili waliangalia kulia, na ukiunganisha unaona watu wawili wanaongea na mtu wa tatu ambae hayupo. Siku hizi nabandika selotepu ukutani kila upande, usawa wa uso wa mwenzie, naangalia hapohapo.

Na ukishaelewa hilo la macho utaona kwa nini mwisho wa ile stori unafanya kazi. Mama anauliza "nani kakata hiki?" akimwangalia Sele. Sele anamwangalia Mama. Muda wote huo lenzi imeachwa peke yake, wewe ni shahidi tu, uko salama. Halafu Sele anageuza macho taratibu anayaleta kwenye lenzi. Haongei. Nahesabu moja, mbili. Nakata kwenda kwa Mama, ambae na yeye anageuka. Hapo watu wanasema "mimi??" kwa sauti. Ila kama umeangalia lenzi ovyo ovyo tokea mwanzo, hicho kigeuko hakina uzito wowote.

Kwenye kuunganisha vipande naweka giza la fremu tatu, kwa video ya fremu 30 kwa sekunde hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde, inakua kama mgeni amepepesa jicho. Usiweke kila mahali, mara mbili inatosha. Sauti narekodi kwa maiki ya earphone za waya iliyofichwa kwenye kola, na panga boi nazima, jasho natoka kama nimebeba magunia, lakini lile vuuu la feni likikatika katikati ya sentensi kila mtu anajua umeunganisha. Bajaji zikipita naziacha zipite ndo naendelea.

Kuna kipande kimoja tu kwenye ile ya vitambaa nilikirudia baada ya kila kitu kuisha. Sele anakupa mkasi, na mimi nikaona nzuri mkono wa mgeni utokee chini ya kamera uupokee. Mkono wa nani? Wangu, wa kushoto, ambao wiki ile nilikua nimetoka harusini una hina mpaka kwenye kiwiko. Mdogo wangu akaangalia akasema, "kumbe mimi ndo bibi harusi." Nikarudia, Sele sasa anauweka mkasi mezani mbele yako anasema "haya, shika", halafu anabaki anauangalia.