Kaka alikufa bila wosia, benki ikataka milioni tisa

Kaka yangu alifariki akiwa na 6,400,000 benki na mkopo wa mshahara wenye salio la milioni tisa. Wosia hakuna. Kabla matanga hayajaanuliwa, mwanawe alishachukua kadi na kutoa laki sita kwenye mashine ya mtaani, Mbagala. Alijua namba ya siri, akadhani hiyo ndiyo ruhusa. Tulimrudishisha zote, maana mwenye akaunti akishafariki, pesa ile ni ya mirathi, si ya mwenye kadi.

Benki walipopata taarifa ya kifo waliifunga akaunti. Shemeji aliwaambia jina lake limeandikwa kwenye fomu kama ndugu wa karibu. Haikusaidia, walitaka msimamizi wa mirathi. Basi tukachukua cheti cha kifo RITA, ukoo ukakaa, muhtasari ukanitaja mimi, nikafungua shauri kwenye kile Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, Temeke. Tangazo likatoka, muda wa pingamizi ukapita, nikateuliwa.

Sasa deni. Afisa mikopo alisema salio lote la akaunti litaingia kwenye mkopo na bado tutadaiwa. Nusura nikubali. Nikaomba kwanza nakala ya mkataba, na humo, katika makato ya siku ya kwanza, kulikuwa na bima ya mkopo. Mikopo mingi ya mshahara huwa nayo, ila familia haiambiwi. Tulijaza fomu ya madai, tukaambatanisha cheti cha kifo, bima ikalipa zile milioni tisa. Dai mapema, kwani mikataba ya bima huweka ukomo wa siku. Soma pia masharti: marehemu akiwa ameacha kulipa rejesho, bima inaweza kukataa.

Na hata bima isingekuwepo, watoto wasingelipa kutoka mifukoni mwao. Deni la marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu. Mali ikiisha, mdai hana la kumfuata mrithi, labda awe aliweka saini ya udhamini.

Yakabaki madeni madogo. Mazishi 1,300,000, aliyoyagharamia shemeji. Kikoba 1,200,000. Duka la vifaa vya ujenzi laki nne. Na mahari ya mkewe, laki tano, ambayo kaka hakuimaliza. Wazee wengine walicheka, lakini mahari ambayo haijalipwa ni deni kama lile la dukani. Jumla 3,400,000, ikabaki milioni tatu kamili ya kugawa.

Sisi ni Waislamu, wazazi wameshatangulia. Mjane akapata thumuni, 375,000. Wa kiume 1,750,000, wa kike 875,000. Risiti zote niliziweka kwenye bahasha moja, kwa sababu msimamizi ana miezi minne tangu kuteuliwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, Fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawo, namba 6. Ya kikoba tu haikuwa na risiti. Mwekahazina aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, wanachama watatu wakasaini, na karani akaipokea.