Mahali pa kushonea: kwa wanaoanza kutunga

Wengi wanaoniletea mashairi yao ya kwanza huuliza kama ni vibaya kuandika "kama fulani". Huwa nawarudisha kwenye takhmisi, kwa sababu humo washairi wa pwani walikopa mbele ya macho ya watu wote. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, tunayemjua kwa Al-Inkishafi, alichukua beti za Fumo Liyongo, na juu ya kila mistari miwili ya Liyongo akatanguliza mitatu yake. Ubeti ukawa wa mistari mitano, na msomaji anajua wa kale anaanzia wapi.

Tufanye wenyewe. Chukulia hii ndiyo mistari ya mwenzako (nimeitunga kwa ajili ya somo hili):

Mtungi nimeuacha, kisimani umebaki,
Kamba mwenye kuikata, ndiye aliyenipenda.

Kila mstari una mizani 16, nane kwa nane. Anayetia takhmisi anatunga mitatu inayoishia na kina cha mstari wa kwanza wa mwenzake, yaani -ki. Vina vya kati nimeviacha huru ili mfano uwe mwepesi:

Jirani wananihoji, kwa nini sichangamki,
Mikono yangu mitupu, nikiulizwa sicheki,
Si kwamba nimechelewa, sababu haisemeki,
Mtungi nimeuacha, kisimani umebaki,
Kamba mwenye kuikata, ndiye aliyenipenda.

Mistari ya zamani haikuguswa hata herufi, lakini sasa kuna majirani, kuna aibu ya kurudi mikono mitupu, na yale maneno mawili ya mwisho yamekuwa jibu kwa anayehoji. Mkopaji ameongeza kitu ambacho mwenye shairi hakuwa nacho. Angeweza pia kumjibu, kama walivyozoea washairi wetu kujibizana: aseme yeye ndiye mkata kamba, na aliikata kwa kuwa ilikuwa imeoza na ingemvuta mwenziwe kisimani. Hapo kisima ni kile kile, lakini hoja ni yake.

Sasa soma hii:

Ndoo yangu nimeacha, bombani imesalia,
Mpira aliyekata, ndiye alonichumbia.

Mtungi umekuwa ndoo, kisima bomba, kamba mpira, mpenzi mchumba. Vina navyo ni vingine. Anayelinganisha maneno tu ataipitisha, na mimi nasema huu ni wizi kuliko ile takhmisi iliyobeba mistari miwili mizima. Nguvu ya beti ile haimo kwenye mtungi. Imo kwenye mpangilio: hasara inatajwa kwanza, kisha mkono uliosababisha, na jina la mkosaji linazuiwa hadi neno la mwisho, ambapo tunagundua ni mpendwa. Huo ndio uliochukuliwa, na mahali pa kushonea pamefichwa.

Kwa hiyo ukitaka kujipima, weka shairi lako na lile lililokuvutia kando kando. Kwa kila mstari andika kwa lugha ya kawaida unafanya kazi gani, bila kutaja kitu chochote: "chombo kimeachwa", "aliyesababisha anatajwa", "kumbe ni mpendwa". Safu mbili zikifanana kutoka juu hadi chini, pamoja na pale shairi linapogeuka, umenakili hata kama hakuna neno lililorudiwa. Zikikutana sehemu moja tu, usihofu. Kisima, waridi, jahazi na methali havina mwenyewe, wala bahari na vina.

Kumtaja mtu nako si sawa na kupata ruhusa. Takhmisi inabeba maneno yake kamili, na kwa sheria za hakimiliki za Kenya na Tanzania kazi ya mtunzi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa Liyongo andika tu chini ya kichwa kwamba ni takhmisi ya shairi lake. Kwa mshairi aliye hai, mwombe kwanza.

Kwenye hadithi kipimo ni hicho hicho. Mwandishi Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kiko, akili ya kuchambua vitu vidogo na rafiki wa kufuatana naye, Najum. Aliyewahi kumsoma Sherlock Holmes anamtambua mara moja. Lakini katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya 1960, maiti inakutwa kwenye mzimu, na fumbo linafunguka kwa kuijua jamii ya Unguja, mambo ambayo mpelelezi wa London asingekuwa na pa kuyaanzia. Wanagenzi wengi huchukua kiko, kisha wakachukua na dalili, kwa mfuatano ule ule, na muuaji yule yule akiwa na jina la Kiswahili. Mswada wa namna hiyo siuhariri. Namrudishia mwenyewe, namwambia abaki na mpelelezi wake, kisha atafute siri ambayo ingeweza kufichwa na familia za mtaa wake tu.