Strafbefehl imefika na Kijerumani hukijui: mkalimani ni haki yako, lakini una siku 14 tu

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alisimamishwa na polisi mwezi Novemba akiendesha gari la mkewe kwenda kazini. Leseni yake ni ya Tanzania. Hapa Ujerumani, leseni iliyotolewa nje ya Ulaya inakubalika kwa miezi 6 tangu mtu alipoanza kuishi nchini. Ikipita hiyo, unahesabiwa dereva asiye na leseni, na hilo ni kosa la jinai.

Askari akamuuliza amekuja lini. Kijerumani cha shemeji kilikuwa bado cha salamu, na Kiingereza chake hakizidi sana hapo. Mfanyakazi mwenzake aliyekuwa naye garini akajitolea kutafsiri kwa Kiingereza. Shemeji akajibu: "Nilifika Machi." Hakudanganya. Machi alikuja kwa viza ya matembezi, akakaa wiki chache, akarudi Tanga. Alihamia rasmi Julai, akaandikishwa manispaa wiki ileile. Ukihesabu kuanzia Julai, Novemba alikuwa bado ndani ya miezi 6. Ukihesabu kuanzia Machi, muda wake ulikuwa umeisha Septemba. Askari aliandika Machi, na kila alichoambiwa baada ya hapo shemeji aliitikia "yes, yes", vile tunavyosema "ee, ndiyo" kumwonyesha mtu kwamba tunamsikiliza. Kwenye karatasi ya polisi ikasomeka kwamba amekubali.

Baada ya miezi kadhaa ikaja bahasha ya njano.

Kama hujawahi kuipata, nieleze kidogo. Kesi nyingi ndogo Ujerumani haziendi mahakamani kabisa. Mwendesha mashtaka anaandika ombi, hakimu anasoma faili, akiridhika anatia saini hati inayoitwa Strafbefehl. Inataja kosa na adhabu, mara nyingi faini. Hakuna aliyekuita, hakuna aliyekusikiliza. Faini inahesabiwa kwa siku: shemeji alipewa siku 30 kwa euro 30 kila moja, yaani euro 900, kwa kuwa kiasi cha siku kinatokana na kipato cha mtu. Usipopinga ndani ya wiki mbili, hati hiyo inakuwa na nguvu ileile ya hukumu iliyotolewa baada ya kesi kamili.

Wiki mbili hizo zinaanza siku barua ilipofikishwa, hata kama ilitumbukizwa tu kwenye sanduku lako na wewe uko safarini. Tarishi anaandika tarehe juu ya bahasha yenyewe, kwa kalamu. Kwa hiyo bahasha usiitupe! Nimeona watu wakihifadhi barua vizuri na bahasha ikaenda kwenye taka, kisha hawana cha kuonyesha kuhusu tarehe. Ikifikishwa Jumanne, mwisho ni Jumanne ya wiki ya pili yake, na pingamizi liwe limeshafika mahakamani, kulituma tu hakutoshi.

Sasa haki yenyewe. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya una sheria kuhusu ukalimani na tafsiri katika kesi za jinai, na Ujerumani imeiingiza katika sheria zake. Inasema mtuhumiwa asiyejua lugha ya kesi apewe mkalimani anapohojiwa na polisi, anapokuwa mbele ya hakimu, na pia anapozungumza na wakili wake kujiandaa kwa mahojiano au kwa kesi. Hati muhimu anatakiwa atafsiriwe kwa maandishi, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka wazi kwamba Strafbefehl ni mojawapo ya hati hizo. Gharama ni za serikali, ushinde au ushindwe. Hili la gharama ni la zamani zaidi: Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliiambia Ujerumani hivyo mwaka 1978, pale ilipokuwa ikiwatoza wageni waliotiwa hatiani pesa za mkalimani.

Bahasha ya shemeji haikuwa na tafsiri yoyote. Faili lilisema anajua Kiingereza na Kijerumani kidogo, na hakuna aliyefikiria zaidi. Hapo wengi husema: basi hati si halali, tukae tusubiri. Wakili anaweza kuijenga hoja hiyo na pengine akashinda, lakini mimi nisingemshauri mtu alaze kichwa juu yake. Pinga kwanza ndani ya muda, hoja ya tafsiri itafuata. Ukichelewa bila kosa lako, kuna njia ya kuomba muda urudishwe, ila nayo ina wiki moja tu tangu kikwazo kilipoondoka, na unatakiwa ueleze na kuthibitisha sababu.

Pingamizi linaitwa Einspruch, na kuna mtego wa lugha hapa pia. Likiwa la maandishi, lazima liwe la Kijerumani. Mwaka 2015 mahakama ileile ya Umoja wa Ulaya iliruhusu Ujerumani kudai hivyo, katika kesi ya Mromania aliyekamatwa akiendesha gari bila bima halali. Lakini ilisema pia kwamba ukienda mwenyewe masjala ya mahakama ukalitoa kwa mdomo likaandikwa, unastahili mkalimani wa bure. Kwa hali halisi, masjala hawatakuwa na mtu wa Kiswahili mlangoni siku hiyo, na siku zinahesabika. Njia ya haraka ni sentensi mbili. Huhitaji kutoa sababu yoyote. Andika namba ya faili iliyo juu ya hati, tarehe ya hati, kisha:

```
Gegen den Strafbefehl lege ich Einspruch ein.
Ich beantrage einen Dolmetscher für Swahili (Tansania).
```

Jina, anwani, saini ya mkono. Peleka mwenyewe, omba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua pepe ya kawaida haihesabiki.

Hilo neno la nchi kwenye mabano nililisisitiza mimi. Mkalimani wa Kiswahili anaweza kuwa ametoka Mombasa, Lubumbashi, Bujumbura au Bukavu, na wote wanakijua Kiswahili chao barabara. Lakini mtu wa Tanga mwenye wasiwasi, anayesimulia safari na tarehe, na mkalimani aliyekulia Kiswahili cha Katanga chenye Kifaransa ndani yake, wanaweza kupishana bila hata mmoja kujua. Kinyume chake pia: ndugu zetu wa Kongo waandike Kongo. Na Kiingereza je? Sheria inaruhusu upewe mkalimani wa lugha nyingine unayoielewa vya kutosha, si lazima lugha uliyozaliwa nayo. Ndiyo maana ukijibu "yes" kwa adabu unapoulizwa kama unajua Kiingereza, unaweza kuletewa mkalimani wa Kiingereza na ikawa halali kabisa. Kama Kiingereza chako ni cha kazini tu, sema hivyo mapema, kwa maandishi.

Kabla ya kupinga, pima jambo moja. Kesi ikisikilizwa, hakimu hafungwi na faini ya kwenye hati, anaweza kuongeza. Kama ushahidi uko wazi dhidi yako, unaweza kupinga kiasi cha faini peke yake, kwa mfano kwa sababu kipato chako kilikadiriwa juu. Kupinga kote kunaweza pia kuondolewa, ila kesi ikishaanza inabidi mwendesha mashtaka akubali. Shemeji alikuwa na pasi yenye mihuri yote, kwa hiyo hatukusita. Na ukiitwa, nenda. Usipotokea bila udhuru na bila wakili wa kukuwakilisha, pingamizi linatupwa hapohapo.

Siku ya kesi nilikwenda naye, na mdogo wangu alitaka nikae karibu nimsaidie. Nikakataa. Ndugu ana upande wake, na mara nyingi hufupisha, hupamba au humjibia mwenzake. Mwaka 2002 Uingereza iliwahi kupatikana na kosa kwa sababu hakimu aliridhika kaka wa mshtakiwa atafsiri badala ya mkalimani. Nikakaa nyuma na watazamaji.

Mkalimani alikuwa mama wa makamo. Waliposubiri korido akamwomba shemeji amweleze ametoka wapi na anafanya kazi gani, si habari za kesi, ili wasikilizane lafudhi. Hiyo dakika ya korido itumie hata kama mkalimani haianzishi. Kama hamuelewani, mwambie hakimu kabla hajaanza, au mara tu unapogundua, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ukinyamaza mpaka hukumu, kwenye rufaa swali la kwanza litakuwa kwa nini hukusema.

Ndani, mkalimani akataja kiapo chake, akaketi ubavuni mwa shemeji akawa anamnong'oneza. Hapa angalia: anatakiwa akufikishie kila kinachosemwa, si maswali yanayokuhusu wewe peke yake. Mwendesha mashtaka na hakimu wakizungumza dakika mbili na wewe ukaambiwa "wanajadili faili", umekosa kitu. Inua mkono. Shemeji aliinua mara moja, hakimu akarudia taratibu. Na ukijibu, sema sentensi fupi, usubiri. Saa taja kwa namna isiyo na utata: "saa moja asubuhi" iwe na hilo "asubuhi", kwa sababu saa zetu na zao zinapishana kwa sita, na mkalimani aliyechoka huteleza hapo.

Hakimu akauliza lile lile la barabarani: ulifika lini? Safari hii jibu lilikuwa refu kuliko neno moja. Matembezi Machi, kurudi Aprili, kuhamia Julai. Akaomba pasi, akafungua kurasa za mihuri, akailinganisha na cheti cha manispaa, akampa mwendesha mashtaka naye aangalie. Mwendesha mashtaka mwenyewe ndiye aliyeomba aachiwe huru. Gharama zote zikabebwa na serikali.

Yote haya ni ya jinai. Bahasha ya njano huleta pia barua za madai, talaka na malezi ya watoto, na huko mambo ni mengine: mkalimani wa kikao ataletwa, lakini pesa yake inaingia kwenye gharama za kesi na anaweza kubebeshwa mmoja wenu au nyote wawili. Ukiwa na kipato kidogo, omba msaada wa gharama za mahakama kabla ya kikao, sio baada ya bili.